Kosa Moja Kwenye Karatasi Mbili

Kila asubuhi Bénie alinipitia kwetu Ruashi, tukaenda shule tukigawana vitumbua. Siku ya mtihani wa hesabu wa darasa la sita alikuja macho mekundu. Kwa wiki mbili hakusoma. Mama yake alikwenda Lukafu kuvuna mahindi, naye alibaki akimtunza mdogo wake mgonjwa.

Mwalimu wetu, Madame Albertine, alitukalisha mmoja mmoja kwa kila benchi. Bénie alikuwa mbele yangu, na Guelor, mwanafunzi mwenzetu, kwenye benchi la upande wake wa kulia. Swali la tatu lilitaka eneo la pembetatu: kitako mita 12, kimo mita 7.

Kalamu ya Bénie ilianguka. Aliinama kuiokota, akakawia huko chini, macho kwenye karatasi ya Guelor. Akaandika. Kalamu ikaanguka tena. Alipogeuka tulitazamana, na mimi ndiye niliyeinamisha uso, kama mwizi.

Siku mbili baadaye Madame alirudisha karatasi, zote isipokuwa mbili.

"Guelor, Bénie, simameni. 12 mara 7 ni ngapi?"

"84, Madame," darasa zima likajibu.

"Hawa wawili wameandika 74, wakagawa kwa mbili, wakapata 37. Mtu anaweza kukosea. Lakini kosa moja, mstari kwa mstari? Nani alikopia?"

"Madame, mi sikukopia!" Guelor alisema.

Bénie alitazama dirishani.

"Basi nyote wawili sifuri. Labda aliyekopia aseme mwenyewe kabla ya kengele ya mwisho."

Wakati wa mapumziko Guelor alijificha nyuma ya darasa, akilia. Nilimvuta Bénie pembeni.

"Enda useme."

"Weye! Utaniuza? Si uko rafiki yangu?"

"Niko rafiki yako. Lakini Guelor alikufanya nini? Usiposema, mi nitasema."

"Sema basi! Na kesho usiningoje."

Maneno hayo yalinichoma. Tuliporudi darasani nilisimama.

"Madame, mimi niliona. Guelor hakukopia. Nilinyamaza tangu siku ya mtihani."

Kabla sijataja jina, benchi la mbele yangu likakwaruza sakafu. Bénie alikuwa amesimama, amefunika uso kwa mikono.

"Ni mimi, Madame. Sikusoma, nilikuwa namtunza mdogo wangu mgonjwa. Guelor, unisamehe."

Guelor alirudishiwa alama zake, ila swali la tatu alikosa. Bénie alipewa sifuri. Madame alituita sote watatu mezani.

"Bénie, ungeniambia mdogo wako anaumwa, ningekufundisha baada ya masomo. Tutaanza leo. Na weye Exaucée, kwa siku mbili ulifikiri unamlinda rafiki, kumbe leo umemwacha Guelor abebe mzigo usio wake. Kusema ukweli kunaumiza mara moja. Kuuficha kunaumiza na wasiokuwemo."

Sikuweza kumtazama Guelor.

Asubuhi iliyofuata sikutarajia mtu kunipitia. Lakini nilipofungua mlango, Bénie alikuwa pale, ameshika vitumbua vitatu.

"Kimoja cha Guelor," alisema, akiangalia chini.