Poleni na Safari kwa Kifaransa

Kila asubuhi Elise alichota maji, akamwandalia baba yake chai, kisha akaenda shule ya masista. Baba yake, Timothée, alikuwa mkalimani wa mea wa mtaa wao wa Kisangani, aliyeitwa Waziri. Mwaka ule, 1959, wajumbe kutoka Ufaransa walikuwa wanakuja. Mea aliamua kuwakaribisha kwa Kiswahili ili hata akina mama wa sokoni wamsikie. Kila akimaliza fungu moja, Timothée alipaswa kulisoma kwa Kifaransa.

Hotuba ilipoletwa nyumbani ili itafsiriwe, Timothée alikuwa hoi kwa malaria. Elise akaogopa baba asije akapoteza kazi. Basi akaitafsiri mwenyewe, neno kwa neno, akampa tarishi wa ofisi na kusema ni kazi ya baba. Ikapigwa chapa, nakala za kuwagawia wageni zikawa tayari.

Siku ya mapokezi, darasani, sista alikuwa akifundisha kuandika barua. Akaeleza kwamba ukimwandikia mtu “je regrette votre visite”, unamwambia heri asingekuja.

Elise akaikumbuka hotuba. Mea alikuwa ameandika, “Wageni wetu, poleni na safari.” Yeye alikuwa ameandika, “Étrangers, nous regrettons votre voyage.” Yaani: nyinyi msio wa hapa, tunasikitika kwamba mmesafiri kuja. Na ndege ya wageni ilikuwa inatua uwanja wa Simi-Simi mchana uleule.

Aliomba ruhusa, akakimbia hadi nyumbani huku machozi yakimtoka. Alimkuta baba amejifunika blanketi, anatetemeka. Alitamani kunyamaza, lakini nakala zingesema hata yeye akinyamaza.

“Papa, hotuba ya mea ni mimi niliitafsiri. Nimeiharibu.”

Timothée akajiinua, akamwambia alete hotuba na kalamu.

“Mfaransa anamwambia nini mtu aliyefika amechoka?” akauliza.

Elise akafikiri. “Anamwambia anatumaini safari haikumchosha sana.”

“Bon. Andika hivyo. Na mgeni tunayemkaribisha ni hôte, si étranger.”

Wakapitia mafungu yote, kisha Timothée akajikokota hadi ofisini, mkono begani kwa binti yake. Elise alimweleza mea kila kitu. Mea alikunja uso, akaagiza nakala za kwanza zichanwe na hotuba ipigwe chapa upya. Karatasi ya mwisho ilitoka kwenye mashine magari ya wageni yakiingia uani.

Timothée alisoma akiwa ameketi, jasho likimtiririka. “Chers hôtes, nous espérons que le voyage ne vous a pas trop fatigués.” Wageni wakatabasamu, wakainamisha vichwa kwa shukrani.

Baadaye mea alimwita Elise. “Kutojua neno si kosa, mwanangu. Kosa ni kuficha kwamba kazi ni yako, ukatia maneno yako kinywani mwa watu wengine. Siku nyingine uliza. Leo umechelewa kusema kweli, lakini umeisema, na ndiyo iliyotuokoa.”