Ngazi Kwenye Ukungu

Ilianza na picha ya arusi. Asubuhi ya Jumamosi Lyse alikuwa akipangusa vumbi sebuleni akaona kitu cheupe kati yake na mumewe, pale mikono yao iliposhikana, kama mtu amepumulia kioo. Akasugua kwa kitambaa. Weupe haukutoka, kwa kuwa haukuwa juu ya kioo. Ulikuwa ndani, kwenye picha yenyewe, na ile mikono miwili haikuwapo tena. Mumewe, Ndikumana, alipoitwa aje aone, alisema ni unyevu wa bahari tu, nani asiyejua Durban inavyoozesha vitu.

Mwongo mkubwa. Alikwisha kujua ni nini.

Ndikumana alikuwa fundi wa fremu, na karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha fleti yao, mtaa wa Albert Park, ghorofa ya tisa. Wiki iliyotangulia mteja mmoja, Mzee Chen, mjane kutoka Taiwani, alimletea mchoro wa kuning'iniza, wa wino kwenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi juu ya hariri. Kijiti cha chini, kile cha kuviringia, kilikuwa kimebanduka. Kazi ilikuwa hiyo tu: kubandika kijiti kwa gundi ya unga wa ngano na kuurudisha mchoro kwa mwenyewe.

Ulikuwa mchoro wa milima. Miamba ilijengwa kwa michirizi mirefu ya wino mkavu, mmoja juu ya mwenzake kama nyuzi za katani, mpaka jiwe likapata mikunjo. Misonobari ya karibu ilikuwa ya wino mzito, na milima ya mbali ya wino uliozimuliwa maji hata ukabaki kivuli. Chini palikuwa na daraja dogo. Kutoka darajani njia ilipanda, ikapita kibanda, ikaingia katika weupe na kupotelea humo. Karibu theluthi ya karatasi haikuguswa na brashi hata kidogo, kisha juu yake vilele vikatokeza tena.

Prodige, kiongozi wao wa sala, alipouona siku waliyokutana kwa maombi hapo fletini, alicheka. "Huyu alichoka katikati. Kazi nusu, na watu wanaita sanaa."

Basi Ndikumana, mwenye diploma ya uchoraji ya Bujumbura, ambayo hakuacha mtu aisahau, akavimba kichwa. Akasaga kijiti cha wino juu ya jiwe lenye maji kidogo, akachovya brashi, na mbele ya wageni akachora ngazi nzuri za mawe, kutoka njia ilipokatikia hadi kileleni. Wakampigia makofi. Walipoondoka damu ikampoa. Akajaribu kuufuta wino kwa pamba yenye maji, lakini karatasi ile hunywa wino kwa mara moja na hairudishi. Maji yakimwagika hayazoleki. Akauviringa mchoro, asimwambie mtu.

Baada ya picha ya arusi ikaja harufu, ya masizi na misonobari iliyoloa, ikikaa kwenye mapazia. Kisha matone ya maji yakasikika mahali pasipo bomba. Kisha ukumbi mwembamba uliotoka sebuleni kwenda chumbani ukaanza kuwa mrefu, na katikati yake pakasimama ukungu ambao haukuwa moshi wala mvuke, uliokula kwanza vigae vya sakafuni na baadaye swichi ya taa, na ukimtazama mtu akiupita ulimwona mgongo, kisha hukumwona, kisha ulihesabu pumzi zako mwenyewe mpaka atokee upande wa pili akiwa baridi kama samaki wa barafuni. Siku moja Lyse alipotokea viganja vyake havikuwa na mistari. Akamwonyesha mumewe. Ndikumana akamwambia ni sabuni ya kufulia, akageukia dirishani ili asimwone macho.

Mzee Chen akaja kuchukua mali yake. Akaomba mchoro uning'inizwe ukutani, akavuta kiti, na kidole chake, bila kuigusa karatasi, kikaanza safari kutoka chini. Kikavuka daraja. Kikapumzika kibandani. Alieleza kwa Kiingereza cha upole kwamba mchoro kama ule hautazamwi tu, unatembewa, na kwamba pale peupe ndipo mchoraji alipofanya kazi kubwa kuliko kote, maana alijizuia. Tangu mkewe afariki, yeye kila siku alitembea mpaka pale njia inapopotea, akaingia, na huko ndani hakuna aliyemwambia mkewe hayupo.

Kidole kikafika kwenye ngazi. Kikasimama.

Ndikumana alisikia uso wake ukiwaka. Akasema ni unyevu, labda ulifufua wino wa zamani uliokuwa umefichwa. Alijisikia akilisema neno hilo na hakuweza kulizuia. Mzee Chen akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto, akasema mchoro ubaki, yeye hana tena njia ya kupita humo. Akaondoka.

Alasiri hiyohiyo weupe ulifika usoni mwa Lyse. Nyusi zilitangulia. Kisha midomo ikafifia, na sauti yake ikawa inatoka mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Prodige akaja na wenzake wa maombi, akaomba hata sauti ikamkauka. Mwisho, kwa aibu nyingine tena, wakamwita Bi Mwanahamisi, mwanamke wa Tanga aliyekaa jengo lilelile, Mwislamu, aliyejulikana kwa kusema na majini.

Bi Mwanahamisi akafukiza ubani, akamshika Lyse kichwa. "Wewe ni nani, na wataka nini kwa binti wa watu?"

Jibu likaja kwa kinywa ambacho hakikuonekana. "Niliachiwa nafasi, nikakaa. Nimejengewa juu. Niende wapi?"

"Nani kajenga?"

Prodige alimtazama Ndikumana, na Ndikumana akatazama sakafu, akapima, Mungu amsamehe, akapima hata pale, kama kuna uongo mwingine utakaotosha. Ndipo akaona sikio la mkewe likianza kupotea.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka munisifu. Kisha nikadanganya. Mzee pia nilimudanganya."

"Mpe mgeni wako nafasi nyingine, mwanangu," Bi Mwanahamisi akasema taratibu. "Sio ukuta. Nafasi."

Ndikumana akatandika karatasi mpya mezani. Ya kwanza akaiharibu, mkono wake haukujua kuacha: akaongeza ndege, akaongeza mashua, akajaza. Ya pili akachora daraja, mwamba, njia, akafika mahali njia ingekatika, na brashi ikiwa imejaa wino akabaki ameiinua, mkono ukimwasha, jasho likimtiririka, huku shingo ya Lyse ikififia pembeni yake na kila mshipa wa mwili ukimwambia ongeza kidogo tu, mstari mmoja tu, wajue unaweza. Akaitia brashi majini.

Ukungu ukatoka ukumbini ukitambaa sakafuni, ukatoka pichani, ukatoka usoni mwa Lyse, ukapanda mezani, ukaingia katika karatasi. Hakuna mchirizi ulioongezeka, lakini karatasi iliyokuwa nyeupe tu ikawa na umbali ndani yake.

Lyse akashika midomo yake, akaipapasa. Wageni wakamshukuru Mungu kwa sauti. Yeye akamtazama mumewe.

"Iko kitu kimoja nataka kuuliza," akasema polepole. "Ulijua tangu ile picha. Vraiment, kweli kabisa, ulingojea mpaka ifike kwa uso yangu?"

Ndikumana akaanza kuosha brashi.

Mzee Chen alipopelekewa mchoro mpya, pamoja na ukweli wote, aliukataa kwa heshima. Alisema mgeni aliyefukuzwa kwake hukaa kwa aliyemfukuza. Kwa hiyo umening'inia sebuleni. Kila jioni, sahani zikishaoshwa, Lyse huvuta kiti akakaa mbele yake, macho yakavuka daraja, yakapanda, yakaingia. Mwanzoni ukimwita aligeuka mara moja. Siku hizi Ndikumana humwita, na kumwita, na akigeuka nywele zake hunuka misonobari iliyoloa, na anatabasamu kama mtu aliyetoka kusikilizwa. Huko ndani huzungumza na nani, na husema nini juu ya mumewe, Ndikumana anaona aibu kuuliza.