Anayeitikia

Nareyu aliutuma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja akiwa na furaha ya mtoto aliyeficha kiatu cha mgeni. Alikuwa peke yake chumbani Rhotia, saa tisa mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye mahindi, mimba ya miezi saba inamlemea. Kukaa bure hufundisha utani wa ovyo.

Mumewe, Lesiamon, alikuwa Ngorongoro na ng'ombe wa baba yake, na ili apate mtandao ilimbidi apande kilima. Basi Nareyu alitaka apande bure. Alibonyeza kimaikrofoni, akakisukuma juu kijifunge, akailaza simu kitandani, akashusha pumzi ndefu.

"Lesiamon... hata sijui nianzie wapi."

Akanyamaza. Akaguna. Akasimulia alivyoamka, chai, kuku wa jirani, na kila baada ya maneno machache akashusha pumzi tena, kama mwenye msiba. Mwishoni akasema chumvi imekwisha, akaangua kicheko.

Baada ya saa moja kimaikrofoni kikageuka bluu: amesikiliza. Lesiamon hakucheka. Alipiga.

"Ile pumzi," alisema taratibu, "ndiyo uliyoshusha mwaka jana."

Mwaka jana mimba yao ya kwanza ilitoka, na Nareyu alimpa habari kwa njia hiyo hiyo: pumzi kwanza, maneno baadaye. Safari hii Lesiamon alikuwa ameketi juu ya jiwe dakika kumi nzima akimzika moyoni mtoto wa pili. Nareyu aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto, akaomba radhi.

"Nimekusamehe. Lakini aliyekuwa anakuitikia ni nani?"

Kwao, anayepewa habari hakai kimya kama gogo. Msemaji akipumzika, msikilizaji husema "Ee", ili ijulikane neno limepokelewa. Habari zikiisha, zamu hugeuka, naye hutoa zake.

Nareyu alivaa spika za masikioni, akausikiliza ujumbe wake. Bati lilikuwa linalia kwa baridi, bodaboda inapanda mlima, kuku analalamika, na vyote vilisikika vya mbali, vimefunikwa na ukuta. Kisha, baada ya pumzi ya kwanza, "Ee." Hiyo haikuwa na ukuta. Ilikuwa kavu, karibu na simu kuliko kinywa chake mwenyewe. Akaongeza kasi mara mbili ili amalize haraka, na maneno yake yakakimbia, bodaboda ikapita kama nzi, pumzi zikawa za mtu anayefukuzwa, lakini kila alipopumzika ile "Ee" ilikuja kwa mwendo wake ule ule, polepole, bila kujali kasi, mpaka mwisho, ambapo vilisikika vicheko viwili, na cha pili kilianza kabla ya chake, kabla hata hajaitaja chumvi.

Kesho yake mama mkwe, Namunyak, aliyeelezwa yote na Lesiamon, alishuka kwa gari la asubuhi. Alisimama mlangoni akinusa. Chumba kilikuwa kinanuka maziwa yaliyoungua, na jiko halikuwa limewashwa. Alichovya majani mabichi kwenye maziwa aliyokuja nayo, akanyunyizia kuta, akimwomba Mungu kwa sauti ya chini. Kisha akaketi karibu na mkwewe.

"Ulimwachia nafasi, akaitikia. Sasa ni zamu yake kutoa habari. Zikija, usiitikie hata kwa kuguna. Asiyeitikiwa hana mwenyeji, ataondoka. Akiitikiwa mara moja tu humu ndani, amekaribishwa."

"Sitaitikia, yeyo, mama yangu. Na nipo peke yangu."

Namunyak alitaka chumvi ya kufunga kizingiti. Chumvi, kweli, ilikuwa imekwisha. Akatoka kwenda dukani, ukungu ukamfunika kabla hajafika barabarani.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti kutoka namba ya Lesiamon, dakika kumi na moja. Nareyu hakuugusa. Ulianza wenyewe, kwa pumzi ndefu, na pumzi ile ilikuwa ya Nareyu mwenyewe.

"Nareyu... hata sijui nianzie wapi."

Sauti ya mumewe, lakini nyuma yake hapakuwa na upepo wala kengele ya ng'ombe. Palikuwa na bati linalolia kwa baridi na kuku wa jirani. Kisha kimya, kinachosubiri. Alilelewa kujibu, neno lilimpanda hadi kwenye meno. Akaufunika mdomo kwa mkono wa kulia, akauma kiganja, na wa kushoto akaukaza tumboni, akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Kimya kikapita. Sauti ikaendelea, ikaeleza ilivyoamka, ikapumzika tena. Hakuitikia. Damu ilimjaa mdomoni, na bado hakuitikia.

Sauti ikapumzika mara ya tatu.

Chini ya mkono wake wa kushoto, ndani, taratibu, kitu kikasema, "Ee."