Tlacuache Wawili

Macrina alimwagiwa kahawa kifuani katikati ya soko kuu la Oaxaca, akiwa na blauzi yake nyeupe iliyodariziwa maua mekundu, ile ya kutokea. Aliyemmwagia alikuwa mkaanga kahawa, kijana mrefu mwenye macho ya kuchekacheka.

"Samahani, bibie. Nikufulie, au nikuoe kabisa?"

"Anza na kufua. Hilo jingine litasubiri mikono yako itulie."

Hivyo ndivyo alivyomjua Heladio. Mvua zilipokwisha walikuwa wanapigiana simu kila jioni. Yeye akimwita Bibi Takwimu, Macrina akimwita Mwaga-kahawa.

Macrina alikuwa mtakwimu wa ushirika wa kahawa isiyotiwa dawa. Kila mavuno yakiisha alilinganisha orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mkaguzi, aliyepita mashambani kabla ya mavuno na kukadiria kila mkulima atatoa kiasi gani. Ya pili ilitoka kwenye mizani. Anayeleta kupita kiasi alichokadiriwa hushukiwa kwamba amenunua kahawa iliyopigwa dawa akachanganya, na adhabu yake ni kufukuzwa. Mwaka huo Aurelio Cruz wa kitongoji cha chini alionekana ameleta karibu mara mbili. Macrina akaandika, "Ichunguzwe kwanza," akasaini.

Siku mbili baadaye simu ikalia.

"Umemwita baba yangu mwizi?"

"Baba yako nani, mpenzi?"

"Aurelio Cruz. Barua ya kumfukuza imebandikwa kwenye mlango wa kanisa, na saini yako chini."

Akina Cruz wamejaa Oaxaca nzima, na Heladio siku zote alisema tu "mzee". Macrina akasema haraka, "Mimi niliandika ichunguzwe, Heladio. Nisikilize."

"Mzee hali chakula, Macrina. Anaona aibu kutoka nje. Usinipigie tena."

Alilia kidogo, kisha hasira ikamkausha machozi. Aliingia kwa meneja, Mhandisi Berumen, bila kubisha hodi.

"Sentensi yangu iko wapi?"

"Ilirefusha barua," Berumen akasema, akipuliza chai yake. "Isitoshe, mtu mwenyewe anaitwa Tlacuache, mnyama wa kuiba kuku. Unataka ushahidi gani tena?"

Macrina alitamani kummwagia ile chai. Mzee wa watu anakonda kwa aibu, na huyu anafanya mzaha! Lakini kuna kitu kilimgutusha. "Hilo jina umelipata wapi? Kwenye orodha yangu halimo."

"Kwenye stakabadhi za mizani. Kule nani anaandika jina la ubatizo? Karani wetu ndiye anayegeuza majina ya utani kuwa ya ubatizo."

"Nipe hizo stakabadhi."

Alizipanga zote za Tlacuache kwa tarehe. Kahawa ilikuja kwa wingi Januari, ikakatika kabisa, halafu ikafurika tena Machi. Shamba moja haliivi hivyo. Chini kunaiva mapema, juu mlimani baridi huchelewesha. Akarudi kwenye orodha ya mkaguzi kutafuta mtu wa juu ambaye hakuleta hata kilo moja. Akampata, Crescencio Luna. Akajumlisha makadirio ya Aurelio na ya Crescencio, na jumla ikakaribiana mno na mzigo wa Tlacuache. Crescencio hakulalamika kwa kuwa wakulima hulipwa palepale mizanini, na ofisini hakuna aliyejali kuuliza kwa nini ana sifuri.

Akampigia mpimaji wa mizanini, bibi aliyeitwa doña Queta.

"Crescencio? Huyo naye Tlacuache, binti yangu. Si alimwoa dada yake Aurelio? Jina ni la nyumba. Ukiingia kwao kwa ndoa, unalivaa siku hiyohiyo."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Huku kila mtu anajua."

Macrina aliwawekea wajumbe wa bodi stakabadhi mezani, za Januari za Aurelio huku, za Machi za Crescencio kule. Berumen alipopendekeza barua ifutwe kimyakimya, alimkatiza. "Ilibandikwa kanisani. Ombi la radhi nalo litabandikwa kanisani, kwa saini yako." Bodi ikakubali.

Jumatatu alikwenda sokoni amevaa blauzi ileile, doa halijatoka. Heladio aliweka chini sufuria.

"Mzee amekula leo," alisema. "Nisamehe, Bibi Takwimu."

"Sijasamehe bado. Miezi yote hiyo tumeongea, ukaamini karatasi ya mlangoni."

"Nilikosa. Nilikuonea."

Akamimina kahawa polepole hadi ukingoni, akamnyooshea. Haikumwagika hata tone.

"Mikono imetulia," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuuliza swali siku ile. Ila ujue mapema, kwetu utaitwa Tlacuache."

Macrina akanywa taratibu, akamwacha asubiri kama Heladio alivyomsubirisha yeye.

"Sawa," akasema. "Lakini mwambie doña Queta, kwenye stakabadhi yangu aandike na jina la ubatizo."