Mkono wa Kushoto

Yalimpata wifi yangu, mdogo wa mume wangu, anayesomea katuni za kompyuta.

Asubuhi hiyo alitundika sweta lake kwenye kiti na kuwasha kompyuta ya maabara ya chuo, mashine ambayo wanafunzi huitumia kwa zamu. Kazi yake ilikuwa katuni ya mwanamke anayebembeleza mtoto, na mwisho wa kuiwasilisha ulikuwa saa tisa. Asipoiwasilisha, anarudia mwaka. Mifupa ya ndani, ile inayomfanya mwanamke asogee, aliikuta kwenye mashine, imeachwa na mwanafunzi wa zamani. Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto, kila akivuta kiganja, kiwiko kilikunjika kinyumenyume kama goti la kuku.

"Shoga, umemvunja mama wa watu!" jirani yake akamcheka.

"Cheka tu. Leo ananyooka, au mimi ndiye nitakayenyooka."

Akaukagua mfupa kwa mfupa, ndipo akaona. Bega, kiwiko na kiganja vilipangwa sawasawa kama rula. Mkono ukinyooka hivyo, kompyuta haijui iukunje upande gani, basi inabahatisha. Tena nukta ya kuelekeza kiwiko ilikuwa imewekwa mbele ya kifua, na kiwiko hufuata nukta yake daima.

Akarudi kwenye pozi ya mwanzo. Akakisogeza kiwiko nyuma, kidogo tu. Nukta akaihamishia nyuma ya kiwiko, kisha akairekebisha pembe mpaka mkono ukaacha kuruka. Akavuta kiganja.

Mkono ukakunjika vizuri. Kama wa mtu.

"Nimeuweza!"

Mtunza maabara akaja kuangalia. Hakutabasamu. Akainama sikioni mwake.

"Mwanangu, nani kakuambia uuguse?"

"Ulikuwa mbovu, mzee."

"Haukuwa mbovu. Aliyeutengeneza aliuharibu makusudi. Alisema mkono ukikunjika nyuma, hauwezi kumkumbatia mtu."

Wifi alitaka kucheka. Akatazama kioo cha kompyuta.

Hakuwa ameshika kipanya. Kiganja cha kushoto kilikuwa kinapanda, polepole. Kiwiko kikakunjika. Mkono ukaja mbele, ukaikumbatia hewa. Ukabana.

Akabonyeza kitufe cha kutendua, kile cha kurudisha kitendo nyuma. Haikutendua kitu. Kwenye orodha ya vitendo, cha mwisho kilikuwa chake mwenyewe, cha kurekebisha pembe.

"Wasilisha, uondoke," mzee akanong'ona.

Akawasilisha. Kazi ikapokelewa. Akazima mashine. Akataka kuinuka.

Hakuinuka.

Kitu kilimshika kiunoni. Akadhani ni jirani yake anamtania, lakini jirani alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. Wifi akatazama chini.

Ulikuwa mkono wa sweta lake. Wa kushoto. Mtupu, umemzunguka tumboni, umekunjika penye kiwiko.

Wa kulia ulining'inia tu.

Alifaulu. Sweta akaniachia mimi, hataki hata kuliona. Nimelifua, nimelipiga pasi ya moto hadi mvuke ukatoka. Lote limenyooka, isipokuwa kiwiko cha kushoto. Jana nililianika juani. Nilipokwenda kulianua, mkono ule ulikuwa umeikumbatia nepi ya mwanangu.