Jeneza Kwenye Simu ya Shungi

"Shungi, huyu si mchumba wako?"

Mteja aligeuza simu yake kuelekea kwenye kioo. Shungi, msusi wa saluni ile, alikuwa na rasta mbili mdomoni na mkono mmoja katikati ya nywele za mteja huyo. Akatazama, akatabasamu. Ilikuwa picha aliyoiweka mwenyewe jana yake saa tisa mchana: kipande cha ujumbe ambao mchumba wake alimtumia asubuhi.

*Kitanda cha nne kimetulia. Sasa ⚰️😂*

Juu yake Shungi alikuwa ameandika: *Muuguzi wangu na vituko vyake! 😂😂❤️*

"Ndiye," akasema. "Ana vituko huyo!"

"Mwenzangu, vituko gani? Umesoma watu wanasema nini?"

Shungi akazitoa rasta mdomoni. Maoni ya kwanza yalikuwa ya mashoga zake: vicheko, mioyo, moto. Kisha yakageuka. Emoji za kutapika. Mikono iliyokunjwa kuomba. Uso mwekundu wenye hasira, mstari mzima. *Muuguzi anacheka maiti? Atajwe jina. Afukuzwe.* Mtu aliyemjua mchumba wake alikuwa ameshaitaja hospitali. Watu elfu tatu wasiomjua walikuwa wameisambaza.

Na katikati ya kelele hizo, maneno machache ya mwanamke mmoja:

*Kitanda cha nne alikuwa mama yangu. Amefariki jana jioni.*

 Shungi akakaa chini, pale pale kwenye nywele zilizokatwa.

"We! Shungi! Maji jamani, leteni maji!"

"Hakumaanisha hivyo," Shungi alinong'ona. "Hilo jeneza... hilo jeneza ni kitanda chake."

"Kitanda cha nani?"

"Chake! Anakolala! Mungu wangu, nimefanya nini?"

Akampigia mchumba wake. Simu ikaita hadi ikakata. Akapiga tena. Mara ya nne ikapokelewa.

Wagonjwa walimwita Mpole, na jina lilimkaa. Hakuwahi kupandisha sauti, hata siku ile.

"Nimesimamishwa kazi," alisema.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Muuguzi mkuu ameniita asubuhi. Alikuwa na ile picha mezani, imechapishwa. Akaniuliza, 'Haya ni maneno yako?' Nikasema ndiyo. Ningesemaje? Ni yangu."

"Ungemwambia maana yake!"

"Nilimwambia. Nikasikia sauti yangu mwenyewe nikieleza kwamba jeneza maana yake ni kulala. Shungi, hata mimi nisingeniamini."

"Nimeifuta. Naapa, nimeifuta sasa hivi."

"Wameshaihifadhi. Binti wa marehemu ameandika barua, anataka nifutiwe leseni. Alhamisi tunakutana naye mbele ya muuguzi mkuu."

Shungi akaanza kulia. Mpole akamwacha alie kidogo.

"Mimi mtandaoni unaniona?" akauliza. "Mtu akifiwa naandika pole. Mtu akioa natuma ua. Basi. Kwa nini? Kwa sababu sijui nani anasoma. Wewe nilikuwa nakuandikia hovyo kwa sababu nilijua anayesoma ni wewe."

"Nilifurahi tu. Nilitaka watu waone unavyonichekesha."

"Watu hawakuwepo tulipoanza kucheka."

Simu ikakatwa.

Shungi alifunga kazi, akaenda nyumbani kwa dada yake mkubwa, akajifungia chumbani. Akafungua mazungumzo yake na Mpole, akaandika ile emoji ya jeneza kwenye sehemu ya kutafutia. Majibu yakaja: mara mia mbili na kumi na moja.

Akapanda hadi ile ya kwanza kabisa. Miaka miwili iliyopita Mpole alikuwa amehamia chumba kipya, akamtumia picha ya kitanda: cha mbao, chembamba, kina kingo ndefu pande zote mbili. Shungi ndiye aliyejibu.

*Hicho kitanda au jeneza? ⚰️*

*😂😂 Basi nakwenda kuzikwa. Nikifufuka nitakupigia.*

Yeye ndiye aliyelileta lile jeneza. Alikuwa amesahau kabisa. Tangu siku ile, kila Mpole alipomaliza zamu ya usiku, asubuhi liliingia jeneza moja, wakati mwingine na neno, wakati mwingine peke yake, naye Shungi akajua: mtu wangu amefika salama, amelala. Alilizoea kiasi kwamba halikuwa jeneza tena machoni pake. Ndiyo maana hata jana, alipoipiga picha ile skrini na kuikata juu na chini ibaki mistari inayochekesha, hakuona ubaya wowote. Alichokata ndicho kilichokuwa na saa, tarehe, na sentensi ya kabla yake: *Yule mama alilia maumivu usiku kucha, nimekaa naye mpaka dawa imemshika. Amelala sasa.*

"Dada!" aliita. "Dada, njoo uone!"

Dada akasoma, huku miwani ikishuka puani.

"Sasa mbona hukuwapelekea hii?"

"Si ndiyo nataka. Naipandisha sasa hivi, watu waone yote."

Dada akamnyang'anya simu.

"Una wazimu? Umechoma nyumba kwa kiberiti, unataka kuizima kwa petroli? Umemuuliza mwenyewe?"

Shungi akatikisa kichwa.

"Muulize," dada alisema. "Na akikataa, amekataa."

Akamwandikia Mpole. Safari hii hakuweka moyo wala uso unaolia. Kila alichokigusa kilionekana cha uongo.

*Naomba ruhusa ya kuwaonyesha binti wa marehemu na muuguzi mkuu mazungumzo yetu. Wao wawili tu, kwenye simu yangu, bila kumtumia mtu. Ukisema hapana, sitafanya.*

Jibu halikuja siku hiyo. Likaja kesho yake mchana.

*Sawa.*

Neno moja, na nukta. Shungi alilitazama mpaka macho yakauma. Mpole hakuwahi kuweka nukta. Kwa mtu mwingine ilikuwa ruhusa tu. Kwake ilikuwa mlango uliofungwa polepole.

Alhamisi wakakaa wanne kwenye ofisi ya muuguzi mkuu, mama mnene mwenye saa iliyobanwa kifuani. Mpole alivaa shati la nyumbani, akaangalia sakafu. Binti wa marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, macho yamevimba. Hakumsalimia mtu.

"Mimi sina maneno mengi," mwalimu alianza. "Mama yangu alikuwa akimsifu huyu kaka. Kila nikija, 'yule kijana mpole, yule kijana mpole.' Halafu nikiwa bado sijamwosha, wifi yangu ananitumia picha. Jeneza. Na anayecheka mpaka machozi yanamtoka. Niambieni, mngekuwa nyinyi mngesoma nini?"

"Ningesoma ulichosoma wewe," Shungi alijibu.

Mwalimu akashtuka, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeiweka mtandaoni. Yeye aliniandikia mimi. Dada yangu, sikuja kukwambia umesoma vibaya. Umesoma sawasawa kwa mtu aliyetoka chumba cha maiti. Nimekuja kukuonyesha pale lilipotoka hilo jeneza."

Akamwekea simu mezani. Mwalimu akasita, kisha akaanza kupandisha kwa kidole. Picha ya kitanda. Utani wa kwanza. Majeneza, moja baada ya jingine, yote saa moja asubuhi, saa mbili asubuhi. *Leo nimesimama kwa saa kumi na mbili ⚰️.* *⚰️ usinipigie kabla ya saa nane.* Akaifikia ile sentensi iliyokatwa. Akaisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo 'kimetulia'..."

"Ni kwamba mama alikuwa amelala," Mpole alisema. Ndiyo mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Maumivu yalikuwa yameisha. Nilifurahi."

"Mtu anaweza kutunga maana akishabanwa," mwalimu alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua makali.

"Anaweza," muuguzi mkuu aliitikia. Akavuta simu upande wake. "Mwaka jana ulifiwa na baba, Mpole. Mwezi wa sita. Ulimwandikiaje huyu?"

Shungi akautafuta ule mwezi. Ukatokea ujumbe peke yake, hauna jeneza, hauna chozi, hauna chochote.

*Baba ameondoka. Naomba uje.*

 Mwalimu akachukua tena simu, akashuka mwenyewe, taratibu, hadi siku aliyofariki mama yake. Asubuhi, lile jeneza. Saa tisa, hakuna kitu. Saa kumi na moja jioni, Mpole tena, ujumbe ambao Shungi aliusoma siku ile akampa pole bila hata kuuhusisha na picha aliyoiweka saa mbili kabla:

*Mama wa kitanda cha nne ametutoka. Wamenipigia kutoka wodini. Alinishika mkono asubuhi akaniambia nenda ukapumzike mwanangu. Sijui niseme nini.*

Mwalimu aliweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika.

"Alikuita mwanangu?"

"Ndiyo, dada."

"Hakuniambia mtu." Alilia kwa sauti, bila kujificha. "Siku tatu nakuchukia. Siku tatu! Na wewe ndiye uliyekuwa naye!"

Mpole akainuka, akachuchumaa mbele yake. "Unisamehe. Sikupaswa kutaja kitanda kwa mtu yeyote. Hilo ni kosa langu, halina maelezo."

"Na utapewa onyo la maandishi kwa hilo," muuguzi mkuu alisema, akifuta miwani ambayo haikuwa chafu. "Mambo ya mgonjwa hayatoki wodini, hata kwa mchumba. Mengine, mwenye barua ataamua."

Mwalimu akaomba barua yake, akaikunja mara nne, akaitia mkobani.

Jumatatu Mpole alirudi kazini. Mwalimu aliandika mtandaoni kwamba amekutana na muuguzi yule na hana kinyongo naye. Waliosoma walikuwa arobaini. Wale elfu tatu walishahamia kwenye mambo mengine.

Kwa Shungi, kimya. Wiki mbili nzima. Hakukuwa na salamu ya asubuhi, na yeye hakuthubutu kubembeleza kwa maandishi. Mwishowe, Jumamosi moja, akiwa anaosha nywele za mteja, simu ikaita.

"Nimepiga kwa sababu hili sitaki kuliandika," Mpole alisema.

Shungi akafunga bomba, mapovu yakimtiririka kwenye viwiko. Alijua uchumba umekwisha. "Sema tu. Nastahili."

"Nilikasirika sana."

"Najua."

"Bado kidogo nina hasira."

"Najua, mpenzi."

"Ungepandisha yale mazungumzo mtandaoni, wangenisafisha siku hiyo hiyo. Dada yako ameniambia ulitaka. Halafu ukaniuliza kwanza, ukangoja. Hicho ndicho nilichokaa nacho wiki mbili." Akavuta pumzi. "Nipo nje ya saluni."

"Nje wapi?"

"Mlangoni. Nimekuja na mama mdogo na baba mkubwa, wako kwenye gari, wanataka kwenda kwenu kupanga tarehe ya harusi. Nimewaambia wasubiri nikuulize kwanza."

Shungi aligeuka. Mlango wa kioo ulikuwa umejaa mvuke, na nyuma yake alisimama mtu mrefu ameshika simu sikioni.

"Kwa hiyo?" sauti iliuliza. "Na unijibu kwa mdomo, tafadhali."

"Ndiyo!" Shungi alipiga kelele, mpaka mteja mwenye mapovu kichwani akaruka kitini. "Ndiyo! Umesikia?"

"Nimesikia," Mpole alisema. "Mtaa mzima umesikia."