Mama Aliniambia Nifute Neno "Mlezi" Kwenye Tangazo la Dua

Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, mkazi wa Chamazi, wilaya ya Temeke. Wenzangu niliosoma nao sasa wako Kidato cha Tano, wengine vyuoni. Mimi nimebaki nyumbani nikimlisha mama yangu uji kwa kijiko... Ndugu wasomaji! Nisomeni mpaka mwisho, kisha mnihukumu mkitaka!

Mwaka jana nilikuwa mtahiniwa wa Kidato cha Nne. Mtaani kwetu, Jumamosi kabla ya mitihani ya taifa, madrasa huandaa dua ya kuwaombea watahiniwa. Kazi ya tangazo iko kwa kina mama wa madrasa, na mama yangu, Bi Mwanaidi, ndiye kiongozi wao. Yeye simu kubwa haijui. Kwa hiyo yeye husema, mimi naandika.

Ustadhi alitupa maneno aliyokuwa akiyatumia kila mwaka. Nilipofika kwenye "kila mtahiniwa aje na mzazi au mlezi wake", mama akanikatiza.

"Mlezi wa nini? Futa hilo. Andika mzazi, basi!"

Nikafuta. Nilijua nini mimi? Kisha akataka jina langu liwemo, eti watu wajue nani atafungua kwa Qur'ani. Ustadhi alisema si lazima, lakini mama akishikilia lake nani wa kumtoa? Tangazo likatoka hivi:

"Assalaam alaykum. Wazazi wa watahiniwa wa Kidato cha Nne mnaalikwa kwenye dua ya kuwaombea watoto wetu. Siku: Jumamosi hii. Muda: baada ya swala ya Alasiri hadi Magharibi. Mahali: uwanja wa madrasa, nyuma ya msikiti, Chamazi. Kila mtahiniwa aje na kalamu zake na mzazi wake, waombane radhi. Ufunguzi: Nasra binti Salum. Watoto wetu, mmesoma, mmekesha, msiogope. Kilichobaki mwachieni Mwenyezi Mungu."

Nikalituma kwenye kundi la wazazi. Muadhini naye akalisoma kwenye kipaza sauti baada ya swala ya Ijumaa. Mnajua matangazo ya simu yanavyotembea... huyu anamrushia shoga yake, naye anamrushia wifi yake. Likatoka Chamazi likafika Mabibo, kwa mwanamke anayeuza nyanya sokoni. Laiti ningejua!

Jumamosi ile uwanja ulijaa. Mikeka ilitandikwa, wasichana upande huu, wavulana kule. Kalamu zetu zilikusanywa kwenye sinia moja mbele ya Ustadhi, kila mtu amezifunga zake kwa uzi wenye jina lake. Nilisoma Qur'ani, nikawasikia kina mama wakinisifu. Ikasomwa Yasini, ikaombwa dua. Ustadhi akatutania kwamba kalamu iliyoombewa haiandiki yenyewe, asiyesoma asiisingizie! Tukacheka.

Ndipo akasema kila mtoto amwendee mzazi wake amwombe radhi, maana mtu haingii kwenye jambo zito akiwa na kinyongo cha wazazi.

Nilipiga magoti mbele ya mama. "Niwie radhi, mama."

Kabla hajafungua kinywa, mwanamke mmoja aliyejitanda kanga mpaka usoni alisimama nyuma yake. Alikuwa analia.

"Dada Mwanaidi, na mie niache nimpe radhi mtoto wangu. Leo tu, dada yangu..."

Mama aligeuka. Sijawahi kuuona uso wa mama vile! Alimwita yule mwanamke malaya, mbele ya Ustadhi, mbele ya wenzangu. Alimwambia aliyetupa mtoto haji kuokota msomi. Yule mwanamke akajibu kwamba hakutupa, alinyang'anywa, na kila alipokuja kuniona alifukuzwa mlangoni.

Aliitwa Zuhura, mdogo wake mama. Alipata mimba yangu akiwa Kidato cha Tatu, akafukuzwa shule. Mama hakujaliwa mtoto, akanichukua nikiwa mchanga, na ndugu wote wakaapishwa wasiseme. Zuhura akanitazama akaniambia: "Mtihani wa Kidato cha Nne mie sikuufanya, mwanangu. Nilitaka tu nikuone wewe unaenda kuufanya."

Nilimuuliza mama kama ni kweli. Akainamisha kichwa! Miaka yote ile... kila mtu alijua isipokuwa mimi? Hata wale waliocheka nami kwenye mkeka?

Niliondoka uwanjani bila kalamu zangu, bila radhi ya mtu yeyote. Nikamfuata Zuhura mpaka Mabibo.

Jumapili mama alipiga simu kutwa, sikupokea. Zuhura alinisihi nirudi nikachukue sare, kesho yake ndiyo karatasi ya kwanza. Usiku alinipigia magoti, mtu mzima yule! Nilikataa. Niseme ukweli? Nilitaka waumie wote wawili. Niliona mtihani ni wao, si wangu, na nikiukosa nitakuwa nimewakomoa. Ujinga ulioje!

Yaliyotokea Jumatatu niliambiwa na rafiki yangu tuliyesoma naye. Mama alifika getini mapema, sare yangu iliyopigwa pasi iko mkononi, na kalamu zangu amezifumbata. Kila msichana aliyepita alimuuliza: "Nasra hujamwona?" Watahiniwa wakaingia, karatasi zikagawiwa. Akamwomba mlinzi wanisubiri. Lakini mtihani wa taifa haumsubiri mtu, na nusu saa ikishapita hata ukifika mbio huruhusiwi kuingia. Mwalimu wa zamu akatoka akamwambia, "Mama, nenda nyumbani tu." Hakwenda. Alisimama pale juani mpaka wenzangu wakatoka.

Jioni ile alianguka. Kiharusi...

Nilimkuta hospitali mdomo umepinda, mkono wa kulia hauna uhai. Nilifanya karatasi chache zilizobaki, akili haipo, na matokeo yalipotoka nikapata sifuri. Zuhura alilia kuliko mimi. Sasa huja kila wiki, anamgeuza dada yake, anamwosha, na mama anamwangalia tu.

Mwaka huu nimejisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Juzi Ustadhi aliniomba niandike tangazo, maana mwenye kazi hiyo hawezi tena kusema. Siku, muda na mahali sikubadilisha. Ila nilipofika kwenye mzazi, niliongeza neno lile nililolifuta, kisha nikamsomea mama kwa sauti: "Kila mtahiniwa aje na mzazi au mlezi wake, waombane radhi."

Akatokwa na machozi. Nikapiga magoti pale kitandani, nikasema, "Niwie radhi, mama." Midomo ilihangaika... ikahangaika... neno halikutoka. Machozi yale yalikuwa ya kunisamehe au ya uchungu niliompa getini? Nani ataniambia?

Wazazi na walezi, nawasihi, mwambieni mtoto ukweli nyumbani kwenu akiwa na nafasi ya kulia na kuuliza! Msingoje aujue mbele ya watu siku aliyokuja kuombewa. Nanyi wadogo zangu mnaojiandaa na mitihani, mkiudhiwa, nendeni kwanza mkafanye mtihani, mkasirike baadaye. Na mwombeni radhi aliyewalea wakati bado ana ulimi wa kuwajibu.

Jumamosi tutamsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu, mimi huku na Zuhura kule, mpaka uwanja wa madrasa. Nitapiga magoti tena. Kalamu zangu anazo yeye, katika mkono wa kushoto. Hajakubali mtu yeyote azichukue.